Ndugu yetu ana kesi Marekani, wakili ametuma makubaliano ya kukiri kosa. Namna gani nimfupishie mama yake kwa Kiswahili?

MtuWaWete

Assalaam aleikum wanajamvi. Nina jambo zito na naomba wenye ujuzi waniazime akili.

Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi Marekani kwa grini kadi, miaka mingi sasa. Ameshitakiwa mahakama ya shirikisho kwa mambo ya pesa za utapeli wa barua pepe. Makampuni yalidanganywa yakatuma malipo kwenye akaunti zisizo zao, na baadhi ya akaunti zile alizifungua yeye kwa vitambulisho vya watu wengine. Mashitaka ni manne. La kwanza kula njama ya udanganyifu kwa njia ya mawasiliano, la pili na la tatu udanganyifu wenyewe, mara mbili, na la nne kutumia utambulisho wa mtu mwengine wakati wa kufanya kosa.

Sasa wakili wake, yule anayelipwa na serikali, ameleta makubaliano ya kukiri kosa. Karatasi kumi na nne za Kiingereza cha sheria. Kijana mwenyewe amemruhusu wakili atutumie nakala, kwa vile mama yake hataki asaini kitu ambacho yeye hakukielewa. Mimi ndiye ninayesoma Kiingereza hapa nyumbani, kwa hiyo nimeambiwa nifanye muhtasari wa ukurasa mmoja.

Kuna ndugu mwengine aliyeko kule kule ametuma sauti kwenye wasap ya familia. Anasema: "Mashitaka matatu yamefutwa, atafungwa mwaka mmoja, kisha anarudi kazini kwake, msiwe na wasiwasi." Watu wameshaanza kushukuru. Lakini nikiusoma mkataba, sioni kama unasema hivyo. Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nianze wapi?

KarafuuKavu

Wa aleikum salaam. Mimi nafanya kazi ofisi ya mawakili Dar, mambo haya tunayaona kila siku. Bara makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019. Upande wa mashitaka na mshitakiwa wanakaa, wanakubaliana, shitaka kubwa linaondolewa, linabaki dogo, analipa fidia, yamekwisha. Mahakama haiingii kwenye mazungumzo, inahakikisha tu kuwa mshitakiwa amekubali kwa hiari, kisha inasajili. Na akishakiri hana tena kesi ya kusikilizwa, na rufaa hana, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu.

Kwa hiyo muhtasari wako ni mistari mitatu: ameshitakiwa haya, yamefutwa haya, atapata mwaka mmoja. Usimchanganye mama wa watu.

BiMwana_Konde

Mimi naona kinyume. Kama kijana hana kosa kwa nini akiri? Mwambieni asimame mahakamani aseme kweli. Mkishakiri mmejifunga wenyewe na wakili mmemkosa, mnabaki peke yenu.

Mfasiri_Vuga

MtuWaWete, pole kwa mtihani. Nilifanya ukalimani wa Kiswahili kwenye mahakama za kule kwa muda mrefu kabla sijarudi Unguja, na karatasi za aina hii nimekaa nazo pembeni ya washitakiwa wengi. Mimi si wakili, na uamuzi ni wa kijana na wakili wake. Ila kusoma mkataba ule na kuueleza kwa Kiswahili, hilo ninaweza kukusaidia.

Kwanza kabisa, usiweke picha ya karatasi hata moja hapa, wala usiisambaze kwenye kundi la familia. Mawasiliano ya mtu na wakili wake yana kinga, na kinga hiyo inapotea yakishasambaa. Na kama yuko ndani, msizungumze habari ya kesi kwenye simu ya gereza. Simu zile zinarekodiwa na mwendesha mashitaka anaweza kuzisikiliza.

Ndugu Karafuu, uliyosema ya Bara ni sawa kwa Bara, na hata Zanzibar tuna sheria yetu ya mwenendo wa jinai ya 2018 na mkurugenzi wetu wa mashitaka. Ila kule ni nchi nyengine. Kinachotawala ni Kanuni ya 11 ya kanuni zao za mwenendo wa jinai, na ndani yake mna aina zaidi ya moja ya makubaliano. Kuna aina ambayo jaji akiukubali mkataba amefungwa na adhabu iliyoandikwa, na akiukataa mshitakiwa ana haki ya kurudisha nyuma kukiri kwake. Na kuna aina ambayo mwendesha mashitaka *anapendekeza* tu. Jaji anasikiliza pendekezo, kisha anatoa adhabu anayoiona yeye, na mshitakiwa hawezi kusema "basi nafuta kukiri kwangu kwa sababu hukunipa nilichoahidiwa".

MtuWaWete, tafuta kwenye mkataba herufi hizi: 11(c)(1)(B) au 11(c)(1)(C). Ukiona B, adhabu ni pendekezo. Ukiona C, adhabu ni sharti. Niambie umeona ipi.

MtuWaWete

Nimeiona. Ukurasa wa pili, ni (B). Na ukurasa wa saba pana aya inasema mshitakiwa anaelewa kuwa mahakama haifungwi na pendekezo la upande wowote, na kwamba jaji asipolifuata mshitakiwa hana haki ya kuondoa kukiri kwake. Pembeni pana nafasi ya kutia herufi za jina lake.

Mfasiri_Vuga

Hiyo aya ndiyo inayoibomoa ile sauti ya wasap. Hakuna mahali mkataba unaposema atafungwa mwaka mmoja. Unasema mwendesha mashitaka *ataomba*. Umeandikwa vipi hasa?

MtuWaWete

Unasema pande mbili zimekadiria kwa miongozo ya adhabu kuwa kiwango chake ni miezi 12 hadi 18, na mwendesha mashitaka atapendekeza ncha ya chini. Na mwanzoni kabisa pameandikwa kuwa shitaka la kwanza lina kifungo kisichozidi miaka 20.

KijanaWaFuoni

Samahani naingilia. Nami nina kesi ya kiwanja Fuoni, jirani amenijengea ukuta ndani ya mpaka, na wakili wake ananiambia tuandikishane makubaliano mahakamani nimwachie mita mbili yaishe. Nikisaini na mimi nitakuwa nimekiri kosa? Nitakuwa na rekodi?

Mfasiri_Vuga

Kijana, hayo yako ni madai ya ardhi, ni sulhu kati ya watu wawili. Hakuna kosa la jinai hapo wala rekodi. Fungua uzi wako, watakujibu wanaojua ardhi.

Turudi kwetu. MtuWaWete, mama akisikia "miaka 20" ataanguka, na akisikia "mwaka mmoja" atalala usingizi. Hesabu zote mbili ziko kwenye mkataba na inabidi umpe zote kwa mpangilio wake. Miaka 20 ndiyo kuta za nje ambazo sheria inamruhusu jaji. Miezi 12 hadi 18 ni makadirio ya mawakili wawili. Miezi 12 ni ombi la upande mmoja. Kwa kesi ya kiasi hiki sikuwahi kuona jaji akikaribia miaka 20, lakini kutoka nje ya makadirio, juu au chini, nimeona.

Na makadirio yenyewe si ya mwisho. Baada ya kukiri, ofisa wa mahakama anaandaa ripoti kuhusu mshitakiwa: maisha yake, familia, kazi, na kosa lenyewe. Ofisa huyo anapiga hesabu upya, naye hafungwi na hesabu za mawakili. Kwenye utapeli kinachopandisha kiwango zaidi ni jumla ya hasara. Je, mkataba wako unataja hasara kiasi gani?

MtuWaWete

Dola 118,000. Na fidia ni kiasi hicho hicho, kwa makampuni matatu.

Mfasiri_Vuga

Sawa, hiyo namba iandike mahali, tutairudia kwa jambo jengine kubwa kuliko kifungo.

Kuhusu mashitaka yaliyoondolewa. Ndugu yenu wa wasap anahesabu mashitaka kama anahesabu nazi: manne, matatu yameondoka, limebaki moja. Kumbe uzito wao si sawa hata kidogo. La pili na la tatu kuondolewa kunampunguzia kidogo sana, kwa sababu pesa za mashitaka yale tayari zimo ndani ya zile dola 118,000 zinazopigiwa hesabu kwenye shitaka la kwanza. Jaji anaruhusiwa kuangalia mwenendo wote unaohusiana na kosa, hata ule wa mashitaka yaliyofutwa. Na fidia vile vile: yeye ameahidi kuilipa yote.

Faida iko kwenye la nne. Lile la kutumia utambulisho wa mtu mwengine lina kifungo cha lazima cha miaka miwili, jaji hana hiari ya kukipunguza, na hakitumikiwi kwa pamoja na kifungo cha udanganyifu. Kinafuata baada yake. Kwa hiyo akienda kwenye kesi akapatikana na hatia kwa yote manne, anaanza na miezi 24 ya juu kabla hata ya kuhesabu mengine, na ile nafuu ya kukubali kosa pia ameikosa. Hicho ndicho alichouziwa kwenye mkataba huu. Muhtasari unaosema "matatu yamefutwa" bila kueleza hili haumsaidii kupima.

Na angalia *lini* yanaondolewa.

MtuWaWete

Nimeangalia. Pameandikwa serikali itaomba mashitaka 2, 3 na 4 yaondolewe "wakati wa kutoa adhabu".

Mfasiri_Vuga

Ndiyo desturi. Maana yake siku anayosaini hakuna kilichofutwa. Siku anayokiri mbele ya jaji hakuna kilichofutwa. Kati ya kukiri na kuhukumiwa inapita miezi, na muda wote huo mashitaka matatu yako hai. Akivunja sharti lolote, mfano akifanya kosa jipya au akimdanganya yule ofisa wa ripoti, serikali inaweza kujitoa kwenye ahadi zake, na yeye kukiri kwake kunabaki. Mikataba mingi inasema pia kuwa maelezo ya kosa aliyoyasaini yanaweza kutumika dhidi yake. Kama aya hiyo imo, iandikie mstari wake peke yake.

BiMwana_Konde

Hamjanijibu. Na kama hana kosa?

Mfasiri_Vuga

Bi Mwana, swali lako ni la haki na ndilo la kwanza kwa kijana mwenyewe. Siku ya kukiri anaapishwa. Jaji anazungumza naye yeye, si wakili. Anamuuliza: umefanya haya yaliyoandikwa hapa? Kuna mtu amekutisha? Kuna mtu amekuahidi kitu kisichomo kwenye karatasi hii? Jaji haruhusiwi kukubali kukiri mpaka aone kuna msingi wa ukweli wa kosa. Kwa hiyo kama hakufanya, akisema amefanya anasema uongo chini ya kiapo. Kama alifanya sehemu na sehemu hakufanya, wakati wa kurekebisha maelezo ni sasa, kabla ya kusaini.

Moja tu nikusahihishe: wakili hampotezi. Haki ya wakili inabaki naye siku ya kukiri, siku ya adhabu, siku zote za kesi.

BiMwana_Konde

Nimekuelewa kuhusu wakili. Lakini kumwekea mtu miaka miwili ya lazima pembeni halafu ukamwambia "chagua", mimi siiti hiari.

Mfasiri_Vuga

Hilo hata mawakili wa kule wanagombana nalo mpaka leo, sina jibu la kukupa.

Nahodha_Mkoani

Mimi nimesubiri nione kama kuna atakayelisema hili. Nimekaa kule. Jirani yangu, wa kwetu kabisa, alikuwa na grini kadi, alikiri kosa la pesa, akapewa miezi michache. Familia ilijipanga kwenda kumpokea siku ya kutoka. Hakutoka. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wameshaweka taarifa gerezani wamkabidhiwe, wakamchukua pale pale mlangoni kumpeleka kizuizini kwao. Baada ya muda akapandishwa ndege. Watoto wake wawili wako kule mpaka sasa na mama yao.

MtuWaWete, mkataba wako unasema nini juu ya uhamiaji?

MtuWaWete

Pana aya fupi ukurasa wa kumi. Inasema mshitakiwa anatambua kuwa kukiri "kunaweza kuwa na athari kwa hali yake ya uhamiaji ikiwemo kuondolewa nchini", na kwamba anataka kukiri hata hivyo.

Mfasiri_Vuga

Ahsante Nahodha, nilikuwa nakuja hapo.

Ile namba 118,000. Sheria ya uhamiaji ya kule ina orodha ya makosa mazito kwa wageni, na ndani yake umo udanganyifu ambao hasara ya mwathirika imezidi dola 10,000. Kula njama ya kufanya kosa hilo nako kumo. Haijalishi amefungwa mwaka au siku moja, kinachoangaliwa hapa ni hasara. Mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya kosa la orodha hiyo, milango karibu yote ya kuomba huruma ya kubaki inafungwa, hata kama ana watoto raia, hata kama amekaa miaka ishirini. Akishaondolewa, kurudi ni marufuku bila ruhusa maalumu.

Kwa hiyo "kunaweza kuwa na athari" ni maneno ya jumla yanayowekwa kwenye kila mkataba. Kwa kijana huyu, anayesaini kukubali hasara ya dola 118,000, si "kunaweza". Mlitegemee hasa.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani kwenye kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky iliamua kuwa wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kutamletea hatari ya kufukuzwa, na pale sheria iko wazi, ushauri wake lazima uwe wazi. Kijana ana haki kamili ya kumuuliza wakili: "Nikisaini hii, nitafukuzwa?" na akataka jibu la ndiyo au hapana, kwa maandishi ikiwezekana. Ofisi nyingi za mawakili wa serikali zina mtaalamu wa uhamiaji wanayemuuliza. Aombe aulizwe kabla ya Ijumaa.

KarafuuKavu

Hapa nakubali, hilo kwetu halipo kabisa maana mshitakiwa ni Mtanzania, atafukuzwa aende wapi. Swali: hawawezi kujadiliana hasara iandikwe chini ya 10,000?

Mfasiri_Vuga

Mawakili huwa wanajaribu. Wakati mwengine mtu anakiri shitaka moja tu linalohusu muamala mmoja mdogo, na hasara ya shitaka hilo inaandikwa wazi. Lakini hapa shitaka ni la njama nzima na fidia ni ya jumla nzima, na mahakama za uhamiaji zinaruhusiwa kutazama ushahidi wa hasara halisi. Sitaki kumpa mama matumaini nisiyoweza kuyashika. Ni swali la wakili kumpelekea mwendesha mashitaka: je, badala ya la kwanza, kuna muamala wa chini ya kiwango hicho? Jibu linaweza kuwa hapana, na kuuliza hakumpotezei kitu.

MtuWaWete

Nimemwandikia wakili usiku huu. Haki anazoziacha nazo nimeziona, ni orodha ndefu ukurasa wa nane na wa tisa. Nizitaje zote?

Mfasiri_Vuga

Zitaje kwa maneno ya nyumbani. Anaacha haki ya kesi yake kusikilizwa mbele ya jopo la raia 12 ambao lazima wakubaliane wote ndipo apatikane na hatia. Anaacha kudhaniwa hana hatia mpaka serikali ithibitishe bila shaka ya msingi. Anaacha kuwahoji mashahidi wa serikali, kuwaita wa kwake kwa amri ya mahakama, na kukaa kimya bila ukimya huo kuhesabiwa dhidi yake. Zote hizi zinaondoka kwa mkupuo jaji anapokubali kukiri.

Rufaa ni mlango mwengine, soma masharti yake vizuri. Mara nyingi mtu anaacha rufaa kwa sharti, mfano adhabu isipozidi kiwango fulani. Na pana vitu ambavyo kwa kawaida haviachwi, kama kulalamika kuwa wakili hakumtetea ipasavyo.

MtuWaWete

Hivyo hivyo. Anaacha rufaa kama kifungo hakizidi miezi 18. Kikizidi, anaweza kukata. Na la wakili limebakishwa.

Mfasiri_Vuga

Vizuri. Sasa jambo moja ambalo halimo kwenye karatasi yoyote. Siku ya kukiri jaji atasoma maswali mengi, na baada ya kila moja atauliza "umeelewa?" Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa. Nimekaa pembeni ya watu wa kwetu waliosema "ndiyo" kwa kila swali kwa adabu tu, na mmoja aliniuliza nje kwenye korido, "hivi nilichokubali ni nini?" Kila "ndiyo" inaandikwa. Baadaye akisema hakuelewa, watamsomea maneno yake mwenyewe. Mwambieni kijana: kutokuelewa si utovu wa adabu. Aseme "sijaelewa, naomba tena", jaji atasimama.

Na aombe mkalimani wa Kiswahili hata kama Kiingereza cha kazini anakijua. Kwenye kesi ya jinai ya shirikisho mahakama ndiyo inayomlipa, wala haimhesabii mtu vibaya kwa kuomba.

Nahodha_Mkoani

Kweli kabisa. Kiingereza cha kuendesha gari la mizigo si Kiingereza cha mkataba.

MtuWaWete

Wakili amejibu. Anasema la uhamiaji analijua, amelipeleka kwa mtaalamu wao, na amemuuliza mwendesha mashitaka kuhusu shitaka la muamala mdogo. Bado hakuna jibu. Ameomba pia muda uongezwe.

Nimeandika rasimu. Nasubiri mnikosoe kabla sijamsomea mama:

*Mama, mwanao ameshitakiwa kwa makosa manne. Wanamtaka akiri moja, la kula njama ya utapeli, na akubali kuwa watu walipoteza dola 118,000.*

*Akikiri, serikali imeahidi kuomba yale matatu yaondolewe, lakini siku ya hukumu, si siku ya kusaini. Kubwa kati ya hayo ni lile la vitambulisho, ambalo peke yake lingemwongezea miaka miwili ya lazima.*

*Kifungo hakijulikani bado. Mwendesha mashitaka ataomba miezi 12. Mawakili wanakadiria 12 hadi 18. Jaji anaamua mwenyewe, sheria inamruhusu mpaka miaka 20, na akitoa zaidi ya walivyoomba mwanao hawezi kusema nafuta.*

*Baada ya kifungo anaweza kuwekwa chini ya uangalizi mpaka miaka mitatu. Fidia ya dola 118,000 ataendelea kudaiwa.*

*Anaacha haki ya kesi kusikilizwa, kuwahoji mashahidi, kukaa kimya. Anaacha rufaa kama kifungo hakizidi miezi 18. Wakili wake anabaki naye.*

*Akikiri kama ilivyoandikwa sasa, tutegemee kuwa akimaliza kifungo atarudishwa nyumbani na hataruhusiwa kuishi kule tena. Wakili anajaribu kubadilisha hili, hajapata jibu.*

*Kusaini au kutosaini ni uamuzi wake yeye. Si wetu, si wa wakili.*

BiMwana_Konde

Hii hata mimi nimeielewa. Mungu amjaalie mama yake subira.

KarafuuKavu

Imekaa vizuri. Ningepandisha ile aya ya kurudishwa iwe ya pili, mama asiisikie mwishoni ameshachoka.

Nahodha_Mkoani

Mimi ningeiacha pale pale. Akiisikia mapema hatasikia chochote kinachofuata.

Mfasiri_Vuga

Hapo mpangilio anaujua zaidi anayemjua mama. Kwenye maudhui sina la kupunguza, nina la kuongeza kwa wakili. Kama mambo yatabaki hivi na jaji akawa anaelekea miezi 12, muombe wakili aombe mwaka mmoja *na siku moja*. Magereza ya shirikisho yanapunguza mpaka siku 54 kwa mwaka kwa mwenye mwenendo mzuri, lakini kwa kifungo kinachozidi mwaka tu. Miezi 12 kamili haina punguzo, anakaa yote. Siku moja ya ziada inaweza kumtoa karibu miezi miwili mapema. Kwa uhamiaji haibadilishi kitu kwenye kosa hili, kwa sababu linapimwa kwa hasara.

Na yule ofisa wa ripoti akija kumhoji baada ya kukiri, kijana asizungumze naye bila wakili kuwepo. Dola 118,000 zikigeuka namba nyengine, mara nyingi zinageukia kwenye mahojiano yale.

MtuWaWete

Nimeyaandika yote mawili, nampelekea wakili sasa hivi. Mama namsomea kesho baada ya alasiri. Jibu la mwendesha mashitaka likija nitaliweka hapa hapa.